Koma ya Bukavu, Koma ya Kampala

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu, mtangazaji anaingia.)

Leo naongea peke yangu, sina mgeni hapa ndani. Mazungumzo yetu ni ya namba zinazotufikia kwenye simu zikiwa ndani ya picha. Mtu yuko Bukavu, Uvira au Goma, anapiga picha karatasi yenye jedwali, anakutumia, na wewe uliyeko Uganda unachukua kalkuleta na kuanza kujumlisha. Leo tunasimama hapo hapo, kabla kidole hakijagusa kalkuleta.

Vikundi vya kusikiliza vyenye karatasi hii vitaona namba zilivyoandikwa. Wanaosikiliza kwa redio tu, nitazisoma polepole, alama moja moja. Na tukubaliane mapema: nje ya jedwali nitakalowasomea na namba ninazozinukuu kama zilivyoandikwa Kongo au kama mifano, namba zote kwenye karatasi hii zimeandikwa kwa mtindo wa Uganda. Koma inatenga maelfu, nukta inatenga desimali.

Nilikuwa Namuwongo juzi, sehemu ile wanayoiita Soweto, kati ya reli na mfereji wa Nakivubo. Wako akina mama tisa pale, wote Wakongo. Wanaagiza bidhaa Bukavu kwa pamoja na kuziuza kwa Wakongo wenzao Kampala: mawese, ndakala, uyoga, vitenge. Gharama wanagawana sawa kwa tisa. Mweka hazina wao aliniruhusu kuangalia picha ya ankara waliyotumiwa. Nimebadilisha kiasi na bei ili biashara yao isianikwe redioni, lakini alama na kasoro za picha nimeziacha kama zilivyokuwa.

Picha ya kwanza ilionekana hivi:

| Bidhaa | Kiasi | Bei | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mawese, lita | 1.240 | 0,95 | 1.178 |
| Uyoga mkavu, kilo | 2.125 | 16,00 | 34 |
| Ndakala, kilo | 42,5 | 6,40 | 272 |
| Vitenge, vipande | 36 | 11,25 | 405 |
| Usafiri | | 187 50 | |

Upande wa kulia picha ilikuwa imekatwa, kwa hiyo safu ya jumla haikuisha. Chini kabisa, mahali pa jumla kuu, kulikuwa na kidole gumba cha mpiga picha. Na mkunjo wa karatasi ulipita juu ya mstari wa usafiri. Bei zote zilikuwa za dola, lakini hilo liliandikwa juu ya karatasi tu, si kwenye kila namba.

Kijana wa mmoja wa wale mama, amemaliza sekondari hapa hapa Kampala, alipewa kazi ya kujumlisha. Alisoma kama alivyofundishwa. Mstari wa kwanza kwake ulikuwa lita moja na robo hivi ya mawese. Wa pili, kilo mbili na kidogo za uyoga. Alipofika kwenye usafiri aliona moja, nane, saba, nafasi, tano, sifuri. Akasema, "Mama, usafiri ni shilingi elfu kumi na nane mia saba hamsini."

Hakuna aliyeshtuka, na nawaelewa. Usafiri Kampala unalipwa kwa shilingi, na hiyo ni hela ambayo mtu anaweza kumpa dereva wa bodaboda na mbeba mzigo wakaridhika. Kosa linalotoa jibu la ajabu linakamatwa mapema. Linaloponyoka ni hili lenye jibu linalofanana na maisha ya kila siku.

Kwa nini tunagongana hivi? Sababu ni shule. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji hadi 1960, nao walileta uandishi wa Kifaransa: koma inatenga desimali, na maelfu yanatengwa kwa nafasi au kwa nukta. Mkongo anasoma "sita virgili arobaini". Burundi na Rwanda, ambazo pia zilikuwa chini ya Wabelgiji, zilirithi njia hiyo hiyo. Uganda ilitawaliwa na Waingereza hadi 1962, na kwa Waingereza mambo yamegeuzwa: nukta inatenga desimali, koma inatenga maelfu. Basi alama mbili zile zile zimebadilishana kazi pale mpakani Bunagana, na hakuna afisa anayekuambia unapovuka.

Wala hakuna upande uliokosea. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule unaosimamia kilo na mita za dunia nzima, ulikubali kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au koma. Uliongeza kwamba namba ndefu zikigawanywa kwa makundi ya tarakimu tatu, kati ya makundi iwekwe nafasi tupu, isiwekwe nukta wala koma. Shauri zuri, ila madukani na ofisini wengi hawalifuati.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kwenye picha. Swali la kwanza haliko kwenye mstari wa mawese. Liko kwenye karatasi nzima: mwandishi huyu, kwa mkono huu, koma yake inafanya kazi gani? Ili kujibu unatafuta shahidi, yaani namba ambayo haiwezi kusomwa kwa njia mbili.

Alama ya maelfu daima inafuatwa na tarakimu tatu. Ukiona alama inayofuatwa na tarakimu moja au mbili, hiyo ni desimali, iwe koma au nukta. Angalia ndakala: arobaini na mbili, koma, tano. Baada ya koma kuna tarakimu moja tu. Huyo ni shahidi. Angalia vitenge: kumi na moja, koma, mbili tano. Shahidi wa pili. Angalia bei ya mawese: sifuri, koma, tisa tano. Huyu ni shahidi mwenye nguvu zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayeanza namba ya maelfu kwa sifuri. Hata ingekuwa sifuri koma tisa tano sifuri, yenye tarakimu tatu baada ya koma, bado ingekuwa desimali.

Kuna mashahidi wengine ambao hawakuwepo kwenye picha ile. Namba yenye alama zote mbili inajieleza yenyewe: alama ya mwisho upande wa kulia ndiyo desimali. Na namba yenye alama ile ile mara mbili, kwa mfano 1.240.000, alama hiyo lazima ni ya maelfu, maana desimali huwa moja tu. Hapa Uganda pia tuna ule mkwaju na alama ya sawasawa unaofuata bei, 3,500/=. Ukiuona huo ujue ni shilingi na aliyeandika anafuata mtindo wa huku.

Namba ngumu ni moja tu: yenye alama moja, tarakimu tatu kulia, na tarakimu moja hadi tatu kushoto. Moja nukta mbili nne sifuri. Mbili nukta moja mbili tano. Hiyo ukiitazama peke yake hata mpaka kesho haitakuambia kitu. Ndiyo maana nasema usianze na mstari wa kwanza kwa sababu tu uko juu.

Kwenye picha yetu tumeshajua koma ni desimali. Je, nukta basi ni maelfu? Kwa mawese inaelekea hivyo, lita 1,240. Lakini tukisema hivyo tunalazimika kusoma uyoga kuwa kilo 2,125. Tani mbili za uyoga mkavu! Uyoga mkavu ni mwepesi, huo ungejaza lori na kubaki. Tena kwa dola 16 kila kilo ingekuwa dola 34,000, na pale kwenye jumla tunaona 34. Wakati huo huo safu ya jumla imekatwa, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba baada ya 34 hakukuwa na sifuri nyingine.

Hapo tuliipanua picha kwa vidole viwili na kutazama alama yenyewe. Nukta inakaa juu ya mstari ambao tarakimu zimesimama. Koma inaanzia hapo hapo, lakini mkia wake unashuka chini. Na chini ya tarakimu, kwenye jedwali, kuna nini? Kuna mstari wa kalamu unaotenga safu mlalo. Mkia wa koma unazama ndani ya mstari huo, na kinachobaki juu kinaonekana kama nukta. Kwenye uyoga, mwandishi alikuwa ameandika chini sana, tarakimu zikiugusa mstari. Kwenye mawese aliandika juu kidogo, na kati ya nukta na mstari kulikuwa na weupe. Kwa hiyo alama ya mawese ilikuwa nukta kweli, na ya uyoga ilikuwa koma iliyopoteza mkia. Alama mbili zinazofanana kwenye picha, kazi tofauti kwenye karatasi.

Uchafu nao unajifanya nukta. Mwambie kwa mahali ulipokaa: doa la mawese au la inzi linaweza kuwa katikati ya urefu wa tarakimu, au juu, na mara nyingi tarakimu mbili za pembeni zimebanana bila nafasi ya alama. Mwandishi anayeweka koma huiachia nafasi. Nafasi hiyo hubaki hata koma ikifutika.

Na hilo ndilo lilitusaidia kwenye usafiri. Moja nane saba, nafasi, tano sifuri. Mkunjo ulikuwa umemeza alama, lakini pengo lilibaki. Wafaransa hutenga maelfu kwa nafasi, hiyo ni kweli, ila baada ya nafasi ya maelfu lazima ziwepo tarakimu tatu. Hapa zipo mbili. Kwa hiyo lile pengo haliwezi kuwa la maelfu. Kilichokuwa pale ni koma, na namba ni dola 187 na senti 50.

Shilingi 18,750, au dola 187.50. Wale mama hubadilisha dola mtaani, na kwa hesabu yetu tuchukue dola moja kwa shilingi 3,600. Usafiri unakuwa shilingi 675,000. Kijana angeacha nje ya mchango shilingi 656,250, na mwenye gari haachii mzigo kabla ya kulipwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa nataka niongee na wale walimu na wahasibu wanaonisikiliza, maana najua wanachosema: mbona hamkuzidisha? Kiasi mara bei ni jumla, jaribu utaona.

Tulijaribu. Ndakala: 42.5 mara 6.40 ni 272. Inakubali. Vitenge: 36 mara 11.25 ni 405. Inakubali. Uyoga: 2.125 mara 16 ni 34. Inakubali. Kisha yule kijana akazidisha mawese kwa usomaji wake: lita 1.240 mara 0.95. Kalkuleta ikajibu 1.178. Naye akaonyesha safu ya jumla: "Si hii hapa? Moja nukta moja saba nane. Nimesoma sawa."

Na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hesabu ilikubali kabisa. Tatizo ni kwamba ukiikosea alama ya kiasi na ukaikosea vile vile alama ya jumla, pande zote mbili zinapungua mara elfu, na kuzidisha kunaendelea kukubali. Elfu moja mia mbili arobaini mara 0.95 ni elfu moja mia moja sabini na nane. Moja nukta mbili nne mara 0.95 ni moja nukta moja saba nane. Tarakimu ni zile zile. Jaribio la kuzidisha linakuhakikishia kwamba tarakimu umezisoma vizuri, kwamba saba si moja na tatu si nane. Hilo si dogo, hasa kwa mkono wa Kikongo, ambapo moja ina kofia ndefu inayofanana na saba, na saba yenyewe inakatwa tumbo. Lakini ukubwa wa namba halikuhakikishii.

Ukubwa unautafuta nje ya hesabu. Mawese husafirishwa kwa bido za lita ishirini. Mweka hazina alipiga simu Bukavu. Nilipenda jinsi alivyouliza, na naomba mmsikilize.

"Baba, mawese uliyotufungia ni bido ngapi?"

"Bido sitini na mbili, mama."

Alikata simu, akasema, "Sitini na mbili mara ishirini." Elfu moja mia mbili arobaini. Basi.

Hakumuuliza, "Ni elfu moja mia mbili arobaini?" Angeuliza hivyo, yule mzee mwenye haraka dukani angejibu ndiyo, ndiyo, na tusingejua kama amesikiliza. Hakumsomea namba kabisa. Alimuuliza kitu ambacho jibu lake halina koma wala nukta, kitu cha kuhesabu kwa macho: bido, magunia, mafurushi. Mdomoni alama hizi hazipo. Mtu akisema "elfu moja" amesema elfu moja, awe amesoma Bukavu au Kampala.

Halafu akaomba picha nyingine. Maelekezo yake yalikuwa ya kawaida lakini kila moja lilikuwa na sababu. Karatasi iwekwe mezani karibu na dirisha, inyooshwe mkunjo. Simu iwe juu yake, sambamba, isiinamishwe, maana ukiinamisha mistari ya mbali inabanana na alama zinaungana. Pembe nne za karatasi zionekane na kidole kisiwepo. Baada ya picha nzima, nyingine ya karibu kwa nusu ya juu na nyingine kwa nusu ya chini. Na atume kama faili, si kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana picha ili isafiri kirahisi, na vinavyopotea kwanza ni vitu vidogo. Mkia wa koma ni mdogo kuliko yote.

Picha ya pili ilifika ikiwa na jumla kuu: mbili, nukta, sifuri saba sita, koma, tano sifuri. 2.076,50. Huyu hapa sasa ni shahidi mwenye alama zote mbili. Ya mwisho ni koma, basi koma ni desimali na nukta ni maelfu, vile vile tulivyokuwa tumeona. Safu ya jumla nayo ilionekana mpaka mwisho, kila mstari wa bidhaa una koma na sifuri mbili: mawese 1.178,00.

Tukajumlisha kutoka juu. 1,178 na 34 ni 1,212. Ongeza 272, ni 1,484. Ongeza 405, ni 1,889. Toa hiyo kwenye 2,076.50, kinabaki 187.50. Usafiri umejitokeza wenyewe bila kuutazama. Hii ndiyo faida ya jumla kuu, na ndiyo sababu kidole gumba mahali pale ni hasara kubwa kuliko kidole mahali pengine popote kwenye karatasi.

(Muziki mfupi.)

Kabla ya kuandika daftarini, mweka hazina ana kawaida ambayo mimi nimeikopa. Anaandika namba upya bila alama yoyote ya maelfu. Anaandika 1240, hatii koma wala nukta. Alama pekee anayoruhusu ni ya desimali, na upande wa kila namba anaandika ni nini: lita, kilo, dola. Kama bado ana shaka, haandiki. Anaacha nafasi na kuweka alama ya kuuliza. Namba ya kubahatisha ikishaandikwa kwa wino mzuri, kesho hakuna anayekumbuka ilikuwa ya kubahatisha.

Kalkuleta ya simu nayo ina lugha. Simu iliyopangwa kwa Kiingereza inatumia nukta kwa desimali, na maelfu inayatenga yenyewe kwa koma. Simu iliyopangwa kwa Kifaransa inaweza kufanya kinyume. Katika kikundi chenye simu tisa zilizonunuliwa sehemu tofauti utakuta zote mbili. Ili kujua, gawanya moja kwa nne:

```
1 ÷ 4 =
```

Ikijibu 0.25, desimali yake ni nukta. Ikijibu 0,25, desimali yake ni koma. Na usinakili namba kutoka kwenye ujumbe na kuibandika kwenye kalkuleta. Kuna kalkuleta zinazoidondosha koma isiyo yao kimya kimya, na 42,5 ya Bukavu inageuka kuwa 425. Iandike kwa kidole, tarakimu moja moja.

Jambo moja zaidi kuhusu mashahidi. Msiseme, "Karatasi ni ya Kifaransa, basi koma zote ni desimali." Goma na Bukavu kuna kompyuta zilizopangwa kwa Kiingereza, na zinachapa 1,240.00 chini ya vichwa vya Kifaransa. Kuna karatasi ambayo nusu imechapwa na mashine na nusu imejazwa kwa kalamu, na kila nusu ina sheria yake. Kwa hiyo shahidi anatoa ushahidi kwa mkono wake tu. Ukiona wino umebadilika, au mwandiko umebadilika, tafuta shahidi mwingine. Kwa ndugu zetu kutoka Sudan, wenye karatasi za tarakimu za Kiarabu, mtego ni mkubwa zaidi: sifuri yao yenyewe ni nukta, na tano yao inafanana na sifuri yetu. Picha kama hiyo mpeni mtu anayesoma tarakimu hizo. Msiibahatishe.

Kuna picha nyingine ambazo mama wengi wanatembea nazo kwenye simu: majibu ya maabara na karatasi za dawa za watoto, kutoka vituo vya afya vya Kongo. Hapo nasema tofauti kidogo. Chukua wingi wa damu. Karatasi ya Kongo inaweza kusema 7,8 na kipimo chake ni gramu kwa desilita. Koma ikipotea inakuwa 78, na utadhani ni upuuzi, hakuna mtu mwenye damu hiyo. Lakini kuna maabara zinazopima kwa gramu kwa lita, na hapo 78 ni sahihi na maana yake ni ile ile. Chembe nyeupe ni hivyo hivyo: karatasi moja inaandika 4.800 kwa milimita mchemraba, mashine nyingine inaandika 4.8 na pembeni inaweka kwamba ni maelfu. Ni jibu moja. Na kwenye dawa ya maji, koma ikipotea kwenye mililita 2,5 mtoto anapewa 25, mara kumi ya kipimo chake.

Kwa hiyo kwenye mambo ya hospitali, mama, usinakili namba peke yake kwenye kijikaratasi, wala usiigeuze uandishi ili kumrahisishia daktari. Peleka picha nzima, kipimo kikiwa kinaonekana pembeni ya namba, na mwambie, "Karatasi hii ni ya Kongo, koma hapa ni desimali." Kama una karatasi yenyewe, hiyo ndiyo ya kupeleka. Na dawa, muulize mhudumu akuonyeshe kwa macho kwenye bomba la sindano au kijiko: mpaka mstari upi.

Basi, wenye karatasi wageuze nyuma, kuna jedwali la akina mama wa Namuwongo likiwa limesafishwa: mawese lita 1240, uyoga kilo 2.125, ndakala kilo 42.5, vitenge 36, usafiri dola 187.50, jumla dola 2076.50. Kwa shilingi 3,600 kwa dola ni shilingi 7,475,400. Mkigawanya kwa tisa mtapata 830,600 kwa kila mama, bila kubaki hata senti. Vikundi vifanye hesabu hiyo kwa simu mbili tofauti, moja ya Kiingereza na moja ya Kifaransa, na vilinganishe jinsi kila simu inavyoliandika jibu.

(Muziki wa kipindi unapanda.)